Usiku wa Kuamkia Mtihani

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji, mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika mwezi wa Novemba, na kila unapokaribia, taa za nyumba nyingi za Waislamu huwaka mpaka alfajiri. Vijana hukesha na madaftari magotini, miguu wameitia katika beseni la maji baridi wasisinzie, na pembeni wana kikombe cha kahawa chungu au kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Mzazi anayeamka kwa ajili ya kisimamo cha usiku humkuta mwanawe bado yu macho, akamshukuru Mola kwa kumruzuku mtoto mwenye bidii.

Wiki hii tunaizungumzia bidii hiyo. Nia yake ni njema na hatuitilii shaka. Lakini tunachotaka kukieleza ni kwamba saa ambazo mwanafunzi anazipata kwa kuacha kulala, hasa usiku wa kuamkia mtihani, mara nyingi humpunguzia alama badala ya kumwongezea. Sababu yake inajulikana, imechunguzwa kwa miaka mingi, na mzazi yeyote anaweza kuielewa.

Jambo hili limetufikia kwa njia ya kamati ya msikiti. Baadhi ya wazazi walituomba tuache vyumba vya madrasa wazi usiku kucha, taa zikiwaka, ili vijana wa kidato cha nne wapate mahali pa kukesha wakisoma. Ombi lilitolewa kwa mapenzi, na wengine walikuwa tayari kuchangia gharama ya umeme. Ilitubidi tujiulize kwanza: je, tukikubali, tutakuwa tumewasaidia watoto hawa au tumewadhuru?

Stakabadhi za mchana na daftari la usiku

Tuanze na kinachotokea kichwani mtu anaposoma. Ndani ya ubongo, kila upande wa kichwa, mna sehemu ndogo iliyopinda ambayo wataalamu huiita hipokampasi. Hiyo ndiyo hupokea mambo mapya ya siku: jina la mgeni, mahali ulipoacha ufunguo, hatua za mzunguko wa damu alizozieleza mwalimu wa Baiolojia. Hupokea upesi, lakini si mahali pa kuwekea mambo kwa muda mrefu. Makao ya kudumu ya elimu ni tabaka la juu la ubongo, ambalo ni kubwa zaidi, ila hilo hujifunza polepole na kwa kurudiwarudiwa.

Mfano wake ni mweka hazina wa msikiti. Mchana kutwa anapokea michango na kuandika stakabadhi, nazo zinarundikana mezani. Zikiachwa hapo, upepo utazipeperusha na nyingine zitachanganyika. Jioni, milango ikishafungwa na watu wakishaondoka, ndipo anapokaa akaziingiza moja moja katika daftari kuu, kila moja katika fungu lake. Ubongo nao hufanya kazi hiyo ya kuingiza daftarini, na saa yake kuu ni usingizini.

Hilo si dhana tu. Mwaka 1994 watafiti wawili nchini Marekani, Matthew Wilson na Bruce McNaughton, walitangaza walichokiona katika ubongo wa panya. Panya alipotembea mahali fulani, seli kadhaa za hipokampasi yake ziliamka kwa pamoja. Baadaye panya alipolala usingizi mzito, seli zilezile ziliamka tena kwa pamoja, kama kwamba anairudia njia aliyopita. Uchunguzi uliofuata, kwa wanyama na kwa wanadamu, umeonyesha kuwa marudio hayo ya usingizini ni sehemu ya kazi ya kuyahamisha mambo kutoka mahali pa muda kwenda mahali pa kudumu.

Tena usingizi hauko namna moja usiku wote. Huenda kwa mizunguko, na kila mzunguko huchukua kama saa moja na nusu. Katika saa za mwanzo usingizi mzito ndio hutawala, na kuelekea alfajiri usingizi wa ndoto huwa mrefu zaidi. Wa mwanzo una kazi kubwa katika kuhifadhi mambo ya kukumbukwa kama tarehe, majina na maelezo. Wa mwisho nao una kazi zake, ingawa wataalamu bado wanajadiliana juu ya mipaka yake. Mwanafunzi anayelala kuanzia saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja hajapata robo ya kile alichokihitaji, na aliyekesha moja kwa moja hajapata kitu. Stakabadhi zake zote bado ziko mezani.

Watu wawili wa mwaka 1924

Uchunguzi mmojawapo wa zamani unaotajwa sana katika jambo hili ulifanywa na John Jenkins na Karl Dallenbach katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ukatangazwa mwaka 1924. Walichukua wanafunzi wawili, wakawapa orodha za silabi kumi zisizo na maana yoyote wazikariri mpaka wazijue. Silabi zisizo na maana zilichaguliwa ili mtu asisaidiwe na jambo alilolijua kabla. Mara nyingine orodha ilikaririwa usiku, kisha mwanafunzi akalala. Mara nyingine ilikaririwa asubuhi, kisha akaendelea na shughuli zake. Baada ya saa moja, mbili, nne au nane, aliulizwa anakumbuka ngapi.

Tazama matokeo ya saa nane. Walipokuwa wamelala muda huo wote, walikumbuka kiasi cha nusu ya silabi, yaani tano hivi katika kumi. Walipokuwa macho muda uleule, walikumbuka kiasi cha moja tu. Orodha zilikuwa za namna moja, watu ni walewale na saa ni zilezile. Kilichotofautiana ni usingizi.

Watu wawili ni wachache, na mtu ana haki ya kuuliza kama hilo lingetokea kwa wengine. Limejaribiwa tena mara nyingi tangu hapo, kwa watu wengi, na mwelekeo umekuwa huohuo. Nasi twaona kuwa walimu wetu wa hifdhi walilijua kwa uzoefu kabla ya maabara. Katika madrasa nyingi, mwanafunzi hupitia ukurasa wake mpya jioni, akalala nao, kisha baada ya sala ya Alfajiri akamsomea mwalimu kwa moyo. Mwalimu hamwambii mwanafunzi akeshe na ukurasa ule. Anamwambia alale mapema, kwa kuwa ameona kwamba aya zilizokuwa zikikwama usiku hutoka kwa wepesi asubuhi.

Akili iliyochoka haipokei

Mtu anaweza kusema: sawa, mwanangu hatahamisha aliyoyasoma, lakini mtihani ni asubuhi ileile. Yabaki tu mezani mpaka saa mbili, ayaandike, kisha yapotee. Hoja hii ina sehemu ya ukweli, maana mtu aliyesoma saa tisa usiku huweza kweli kukumbuka kitu saa mbili asubuhi. Tatizo ni kwamba meza yenyewe, ikifika usiku wa manane, haipokei tena kama kawaida.

Mwaka 2007 kikundi cha watafiti waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, akiwamo Matthew Walker, walitangaza uchunguzi wa namna hii. Waliwagawa vijana makundi mawili. Kundi moja lililala usiku kama kawaida, jingine likakeshwa. Kesho yake wote walionyeshwa mfululizo wa picha wazikariri, huku ubongo wao ukitazamwa kwa mashine. Kisha wote wakaachwa walale usiku mbili za kawaida, ili uchovu uwatoke waliokeshwa, ndipo wakaulizwa picha zipi waliziona na zipi hawakuziona.

Waliokuwa wamekeshwa walikumbuka kidogo zaidi kuliko wenzao, ingawa siku ya kuulizwa walikwisha kupumzika vizuri. Mashine nayo ilionyesha kuwa, walipokuwa wakitazama zile picha, hipokampasi zao zilifanya kazi kwa udhaifu kuliko za wenzao. Maana yake ni hii: kilichosomwa na akili iliyokosa usingizi hakikuingia sawasawa tangu mwanzo, na kulala baadaye hakuwezi kuhifadhi kitu ambacho hakikuingia.

Hapa ndipo mwanafunzi anapodanganyika. Saa tisa usiku anasoma ukurasa kwa mara ya nne, na kila mstari anauona si mgeni. Anadhani anaujua. Lakini kukifahamu kitu ukikiona ni jambo moja, na kukitoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni jambo jingine. Njia ya kujipima ni rahisi: afunge daftari, achukue karatasi, aandike alichokisoma bila kutazama. Akiandika mistari miwili na kukwama, na ukurasa huo ameshausoma mara nne, ujumbe umefika. Saa za usiku huo zimekwisha faida yake, na kilichobaki ni kulala.

Kahawa na vinywaji vya makopo haviondoi tatizo hili. Kafeini iliyomo huuzuia mwili usihisi usingizi, lakini haifanyi ile kazi ambayo usingizi ungeifanya. Tena kwa watu wengi hubaki mwilini kwa muda mrefu: baada ya kama saa tano, nusu yake huwa ingali imo. Kijana anayekunywa kopo saa nne usiku akakusudia kulala saa saba, hulala usingizi mwepesi wa kukatikakatika, akaamka amepoteza vyote viwili.

Asubuhi ndani ya chumba cha mtihani

Sababu ya tatu huonekana katika karatasi ya majibu. Mtihani haudai kumbukumbu peke yake. Unamtaka mtu asome swali kwa makini, atofautishe "taja" na "eleza", aone neno "isipokuwa" lililo katikati ya sentensi, abebe namba kutoka mstari mmoja wa hesabu kwenda mwingine bila kuidondosha. Hayo yote ni kazi ya umakini, nao ni miongoni mwa mambo yanayoharibika mapema mtu anapokosa usingizi. Kuna hata nyakati za kusinzia kwa sekunde chache, macho yako wazi na kalamu iko mkononi, na mwenyewe hajui kuwa amepotea.

Tena hasara haingoji mkesha mzima. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wakiongozwa na Hans Van Dongen na David Dinges, walitangaza matokeo ya watu wazima wenye afya njema waliolazwa kwa kipimo kwa muda wa siku 14. Wengine waliruhusiwa saa nane kila usiku, wengine sita, wengine nne. Kila siku walipimwa umakini. Waliolala saa sita au nne walizidi kudhoofika siku hadi siku, na mwisho wa wiki ya pili udhaifu wao ulifikia ule wa mtu aliyekesha usiku mmoja au hata mbili mfululizo. Lililotushtua zaidi ni kwamba wenyewe hawakulijua hilo. Walipoulizwa, walisema wana usingizi kidogo tu.

Mzazi akumbuke jambo hili anapomuuliza mtoto, "Unajisikiaje?" na kujibiwa, "Niko sawa." Mtihani wa taifa haumaliziki siku moja. Masomo hufuatana kwa wiki kadhaa, na anayekesha kwa ajili ya somo la kwanza huingia somo la tano akiwa na deni asiloliona. Dalili zake aziangalie mzazi mwenyewe: mtoto anasinzia mara tu anapokaa garini, anaghadhibika kwa jambo dogo, anasoma swali moja mara tatu, anakosea hesabu alizokuwa akizipata mwezi uliopita.

Wapo waliochunguza jambo hili kwa wanafunzi wenyewe majumbani. Mwaka 2013 Andrew Fuligni na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles walitangaza uchunguzi wa wanafunzi 535 wa sekondari za mji huo. Katika miaka mitatu tofauti ya masomo yao, wanafunzi hao waliandika kwa siku 14 walisoma muda gani, walilala muda gani, na kama kesho yake walipata shida kuelewa darasani au walifanya vibaya katika jaribio. Kila mwanafunzi alilinganishwa na nafsi yake, si na mwenzake. Ikaonekana kwamba siku iliyofuatia usiku ambao mwanafunzi alisoma zaidi ya kawaida yake kwa kupunguza usingizi, matatizo hayo yaliongezeka. Watafiti hawakusema kusoma sana ni kubaya. Walisema saa za ziada za kusoma zisichukuliwe kutoka katika usingizi.

Saa nane kwa njia mbili

Sasa tuchukue mfano. Binti wa kidato cha nne ana mtihani wa Baiolojia siku ya Ijumaa saa mbili asubuhi. Ana sura tano za kurudia, naye amekadiria kuwa zitamchukua saa nane.

Njia ya kwanza ndiyo iliyozoeleka. Anaanza Alhamisi saa tatu usiku, anamaliza Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa nane kamili. Sura mbili za kwanza alizisoma akili ikiwa bado nzima. Sura tatu za mwisho alizisoma baina ya saa sita na alfajiri, saa ambazo mwili wake ulitaka kulala. Anaswali Alfajiri, anaoga, anaondoka.

Njia ya pili inatumia saa zilezile nane. Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi anasoma kuanzia saa moja na dakika arobaini na tano usiku, baada ya sala ya Isha, mpaka saa tatu na robo. Ni saa moja na nusu kwa kila usiku, jumla saa sita. Saa tatu na nusu yuko kitandani. Anaamka saa kumi na dakika arobaini na tano kwa ajili ya Alfajiri, na baada ya sala anatumia nusu saa kuandika kwa moyo yale aliyoyasoma jana, bila kufungua daftari. Asubuhi nne, kuanzia Jumanne mpaka Ijumaa yenyewe, zinampa saa mbili. Sita na mbili ni nane.

Katika njia ya pili amelala saa saba na robo kila usiku. Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika tamko lao la mwaka 2016, walipendekeza saa nane hadi kumi kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Basi upungufu huo ataufidia kwa kailula ya dakika arobaini na tano baada ya Adhuhuri, nayo ni sunna njema iliyoanza kusahaulika. Kila sura imepata usiku wa kuingizwa daftarini kabla ya kuongezewa nyingine, na kila asubuhi ameona wazi nini kimekaa na nini kimetoroka, akiwa bado na siku za kurekebisha. Saa za kusoma hazikupungua hata moja.

Tuseme pia mipaka ya maneno haya. Usingizi hauwezi kuhifadhi kisichosomwa. Kijana aliyecheza mwaka mzima hatafaulu kwa kulala mapema, na asiichukue makala hii kuwa hoja ya uvivu. Naye ambaye ratiba imemponyoka, na leo ni Alhamisi usiku, tunamshauri asome mpaka saa nne, achague sura zenye maswali mengi, aziache nyingine, kisha alale. Kosa la kuziacha sura mbili ni dogo kuliko kuingia na sura tano zisizoshikika. Na ikitokea usiku mmoja mtoto amekosa usingizi kwa wasiwasi, mzazi asimtishe. Usiku mmoja mbaya baada ya wiki za kulala vizuri hauharibu kila kitu.

Je, wema waliotangulia hawakukesha?

Swali hili tuliulizwa katika kikao, na ni swali la haki. Wapo maulamaa wengi waliotumia usiku kwa elimu, na Imamu Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango maalumu juu ya kuzungumza elimu usiku. Basi hatusemi kusoma usiku ni haramu. Lakini imethibiti pia kwamba Mtume (S.A.W.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Na kisa cha Salman na Abu Dardai (R.A.) kinajulikana: Salman alimzuia nduguye asisimame kuswali mwanzo wa usiku, akamtaka alale, mpaka ulipofika mwisho wa usiku wakaamka wakaswali pamoja. Akamweleza kuwa Mola, nafsi na ahli wote wana haki juu yake. Mtume alipopewa habari hiyo, alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya usiku yenyewe ilitanguliziwa usingizi, daftari la Baiolojia halina hoja ya kudai zaidi.

Mzee mmoja katika kikao alitukumbusha kuwa wao walisoma kwa kibatari na wakafaulu. Tukamuuliza walisoma mpaka saa ngapi. Akafikiri, kisha akacheka: mafuta ya taa yalipimwa, na saa nne mama yake alikuwa akikizima.

Kamati iliamua hivi. Vyumba vya madrasa vitakuwa wazi kwa wanafunzi wa mtihani kuanzia baada ya Magharibi mpaka saa tatu na robo usiku, wakisimama kwa ajili ya Isha, kisha tena baada ya sala ya Alfajiri mpaka saa moja asubuhi. Usiku kucha havitafunguliwa. Fedha zilizotolewa kwa ajili ya umeme, kwa idhini ya waliozitoa, zitanunua taa zenye mwanga bora kwa saa hizo.

Limebaki la majumbani, na hilo haliko mikononi mwa kamati. Tulipowauliza wasichana kwa nini wanaanza kusoma saa nne usiku, jibu lilikuwa moja. Kabla ya hapo wanapika futari au chakula cha usiku, wanaosha vyombo, wanalaza wadogo zao. Kaka zao wanaanza saa mbili. Binti huyu hakeshi kwa kupenda. Anakesha kwa sababu nyumba imemwachia usiku wa manane peke yake. Ndugu mzazi, kwa wiki chache za mtihani, vyombo hivyo vioshwe na mwingine, akiwemo kaka yake, na akiwemo baba. Televisheni ya sebuleni izimwe saa tatu, simu ya mtahiniwa ilale chumbani kwa wazazi, na anayemkuta mwanawe macho saa saba usiku amfungie daftari kwa upole na kumzimia taa.

Wabillahi tawfiq.